GB 6 zinatosha kubadilisha uso? Jibu kwa aliyekwama na OOM

*"Habari mtaalamu. Tunatengeneza filamu fupi hapa Mwanza. Mwigizaji wetu mkuu alihamia Muscat kikazi kabla hatujamaliza. Amekubali mdogo wake acheze matukio mawili yaliyobaki, kisha tumbandike uso wake kwa programu ya DeepFaceLab. Nina kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha ya GTX 1660 Super na RAM ya GB 16. Task Manager inasema GPU Memory ni GB 14, lakini nikiweka azimio la 256 inakata na kuandika OOM, yaani memori imejaa. Nikashuka hadi 192, bechi ya nyuso 8 kwa mkupuo, nikaiacha usiku kwa saa nane. Ilifika mizunguko elfu 30 na uso bado una ukungu. Fundi ananiambia niongeze RAM ifike 32. Niongeze, ninunue kadi, au niwe na subira tu?"*

Ndugu yangu, hiyo pesa ya RAM iache mfukoni. Haitakusaidia kwa tatizo hili, na ninaelewa kwa nini wewe na fundi wako mmedhani itasaidia. Namba ya GB 14 unayoiona Task Manager ni jumla ya vitu viwili tofauti. Shuka chini kidogo kwenye ukurasa huohuo utaona Dedicated GPU memory, ambayo kwako ni GB 6, na Shared GPU memory, ambayo ni GB 8. Zile 6 zimechomelewa kwenye kadi yenyewe. Zile 8 ni nusu ya RAM yako, ambayo Windows inairuhusu kadi iazime ikibanwa. Ukiweka RAM 32, Task Manager itakuandikia 22, utafurahi, kisha 256 itakata palepale ilipokatia jana.

Sababu ni mwendo. Memori iliyo kwenye 1660 Super hupitisha data kwa GB 336 kwa sekunde. Njia ya kutoka kwenye kadi kwenda kwenye RAM, yaani ile nafasi ya PCIe 3.0 kadi ilipochomekwa, hupitisha takribani GB 16 kwa sekunde. Kwa hiyo hata pale dereva wa kadi anapokubali kumwagia mzigo kwenye RAM, kazi inakuwa nzito mara nyingi kuliko kawaida, na usiku mmoja unageuka wiki. Kuna hitilafu moja tu ambapo ushauri wa fundi wako ungekuwa na mantiki: ukiona maneno *The paging file is too small*, hapo ni RAM na faili la akiba la Windows ndivyo vilivyobanwa, kwa sababu programu inafungua michakato mingi ya kupakia picha za nyuso kwa pamoja. Tiba yake ya kwanza ni kuongeza faili hilo la akiba kwenye mipangilio ya Windows, na haigharimu kitu. Wewe umepata `OOM when allocating tensor`, na hiyo inaisema kadi.

Sasa tuangalie hizo GB 6 zinaliwa na nini, maana ukilijua hilo utaweza kuamua mwenyewe bila kubahatisha.

Kuna mzigo usiobadilika na kuna mzigo unaobadilika. Usiobadilika ni modeli yenyewe. Kila kigezo ndani ya modeli ni namba inayochukua baiti 4. Wakati wa kufunza, kila kigezo kinahitaji namba nyingine ya kuonyesha kielekee wapi, na ukitumia kiboreshaji cha AdaBelief kinatunziwa namba mbili zaidi za kumbukumbu ya mwendo wake. Jumla ni baiti 16 kwa kigezo kimoja. Modeli yenye vigezo milioni 100 kwa hesabu hiyo imeshakula GB 1.6 kabla haijaona uso hata mmoja. Hapo bado Windows na skrini yako hazijachukua sehemu yao, pamoja na kivinjari kama umekiacha wazi.

Mzigo unaobadilika ni matokeo ya kati. Uso ukipita ndani ya modeli, kila tabaka linaacha nakala ya ilichokokotoa, na nakala hizo zote lazima zisubiri kwenye memori mpaka hesabu ya kurudi nyuma ikamilike. Mzigo huu unaongezeka sambamba na bechi: nyuso 8 zinabeba mara mbili ya nyuso 4. Kwa azimio, hata hivyo, hauongezeki sambamba. Unaongezeka kwa mraba, kwa kuwa picha ina upana na urefu. Kutoka 192 kwenda 256 inaonekana kama theluthi moja tu, lakini pikseli zinakuwa karibu mara 1.8. Kutoka 128 kwenda 256 ni mara nne kamili. Ndiyo maana 192 ilikubali na 256 ikagoma.

Hapa ndipo ningependa ujiulize kwanza kama unaihitaji hiyo 256. Watu wengi huchagua azimio kwa kuangalia wengine wametumia ngapi, wakati jibu limo kwenye video yao wenyewe. Chukua fremu ya tukio ambalo mdogo mtu yuko karibu zaidi na kamera, ifungue kwenye Paint, kisha pima pikseli kutoka juu ya nyusi hadi chini ya kidevu. Kama mmerekodi kwa 1080p na mtu anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, kuna uwezekano mkubwa utapata pikseli 200 au pungufu. Uso wa pikseli 170 ukiufunza kwa 256, programu itauchora kwa 256 kisha itaupunguza kuurudisha kwenye 170. Umelipa memori na usiku kadhaa kwa undani ambao hakuna mtazamaji atakayeuona. Ukikuta kuna fremu moja tu ya karibu sana yenye uso wa pikseli 450, ongea na mwongozaji wako kabla hujaongea na muuza kadi: fremu hiyo inaweza kurekodiwa upya ikiwa mbali kidogo, au mtu akitazama pembeni.

Jambo la pili linalokupa undani bila kulipia memori ni aina ya uso. Chaguo la `wf` linachukua uso pamoja na paji lote, na `f` linaishia nyusi hadi kidevu kwa karibu zaidi. Kwenye mraba uleule wa 192, `f` inaupa mdomo na macho pikseli nyingi kuliko `wf`. Mdogo mtu kwa kawaida ana paji na nywele zinazofanana na za kaka yake, kwa hiyo kwenu `f` inafaa kabisa. Paji liache la mdogo.

Kwa kadi yako ningeanza hivi kwenye SAEHD, aina ya modeli ndani ya programu hiyo:

```
resolution: 192
face_type: f
archi: liae-ud
ae_dims: 256
e_dims: 64
d_dims: 64
d_mask_dims: 22
batch_size: 4
```

Ile herufi `d` kwenye `liae-ud` ndiyo yenye faida kubwa kwenu wenye kadi ndogo. Inaifanya modeli ipate azimio hilo kwa takribani nusu ya gharama ya ukokotoaji, ila inataka azimio linalogawanyika kwa 32, na 192 inagawanyika. Malipo yake ni kwamba inahitaji mizunguko mingi zaidi kutulia, hivyo ni vizuri ianze ikiwa imeshafunzwa kwanza kwa nyuso za watu mbalimbali kupitia chaguo la `pretrain`, ambalo linatumia nyuso zinazokuja na programu yenyewe. Kuna pia chaguo la kuweka modeli na kumbukumbu zake kwenye RAM, linaloulizwa kama *Place models and optimizer on GPU*. Ukijibu `n` unafungua nafasi kwenye kadi, na hapo kweli RAM inasaidia, ingawa kila mzunguko unachelewa. Hizo 16 ulizonazo zinatosha kwa hilo.

Kabla hujabonyeza, fahamu kwamba azimio, aina ya uso, `archi` na vipimo vyote vya `dims` havibadiliki modeli ikishaundwa. Ukitaka kubadilisha, unaanza upya kutoka sifuri. Bechi ndiyo unayoweza kuigusa wakati wowote: programu inapoanza inakupa sekunde 2 za kubonyeza Enter ili ubadilishe mipangilio. Kwa hiyo ukikosea bechi, hakuna hasara. Ukikosea azimio, umepoteza kila kitu ulichofunza.

Kutokana na hilo kuna mtego unaowaumiza wengi, na nakuomba uuruke. Mtu anatafuta mipangilio inayojaza kadi hadi ukingoni, inakubali, anafurahi, anafunza siku tatu. Siku ya nne anawasha `lr_dropout` ili uso uwe mkali, au anawasha GAN, chaguo la kuongeza undani mdogomdogo, na programu inakata kwa OOM. Chaguo hizo za mwishoni zina memori yake, na kadi haina pa kuiweka. Anashusha bechi hadi 2, bado inakata, na azimio haligusiki tena. Dawa yake ni jaribio la dakika kumi kabla ya safari. Tengeneza modeli ya majaribio yenye jina lake, washa kila kitu unachotarajia kukitumia hadi mwisho, iache izunguke mara mia kadhaa huku ukiangalia memori kwenye dirisha jingine:

```
nvidia-smi -l 5
```

Ikipita salama, ifute modeli hiyo, kisha unda ya kweli kwa vipimo vilevile huku chaguo za mwishoni zikiwa zimezimwa. Kwa `lr_dropout` una njia ya kati: jibu `cpu` badala ya `y`. Hapo haili memori ya ziada kwenye kadi, na unalipia takribani asilimia 20 ya muda wa kila mzunguko. Kuhusu GAN, kwa GB 6 ningekushauri uiache kabisa. Ukali mdogo uliobaki utauongeza wakati wa kuunganisha uso na video.

Tuje kwenye ukungu na subira yako. Saa nane ni sekunde 28,800, na ulipata mizunguko elfu 30, yaani kila mzunguko ulichukua karibu sekunde 0.96. Hilo liko kwenye mstari unaopita chini ya dirisha jeusi, na ni mstari unaostahili kuuzoea:

```
[21:14:05][#030112][0958ms][0.6120][0.5874]
```

Cha kwanza ni saa, kisha idadi ya mizunguko, kisha milisekunde za mzunguko mmoja, na mwisho makosa mawili: la uso wa kaka na la uso wa mdogo. Mizunguko elfu 30 kwa modeli iliyoanza kutoka sifuri ni mwanzo tu, na ukungu pale ni wa kawaida. Modeli hujifunza kwanza wastani: umbo la uso, rangi ya ngozi, mahali macho yalipo. Wastani wa nyuso elfu moja ni uso wenye ukungu. Kope, mistari ya meno na mng'ao wa jicho huja mwishoni, kwa sababu zinachangia sehemu ndogo ya kosa na modeli inashughulika kwanza na makosa makubwa.

Pia usilinganishe mizunguko yako na ya mtu mwingine bila kuangalia bechi. Mizunguko elfu 30 kwa bechi 8 ni nyuso 240,000 zilizopita. Ukiwa na bechi 4, mzunguko unakuwa mwepesi, na unahitaji mingi zaidi kufikia nyuso hizohizo.

Tufanye hesabu ya safari nzima. Tuseme kwa mipangilio niliyokupa mstari wako unasoma `0450ms`. Wewe utaweka namba yako halisi. Awamu ya kwanza, `random_warp`, yaani kupindapinda picha za mafunzo ovyo, ikiwa imewashwa, mizunguko 200,000 mara 0.45 ni sekunde 90,000, yaani saa 25. Awamu ya pili, `lr_dropout` ikiwa kwenye `cpu` na baadaye `random_warp` ikiwa imezimwa, mizunguko 100,000 kwa sekunde 0.54 ni saa 15. Jumla saa 40. Ukifunza saa nane kila usiku, hizo ni siku tano. Kadi hiyo ina kikomo cha wati 125, na kompyuta nzima ikila wati 200 hivi, saa 40 zitakula yuniti 8 za LUKU. Unaona kwamba kazi yako inawezekana kwa kompyuta uliyonayo. Ungelazimisha 256 bila ile `d`, huku sehemu ya mzigo ikimwagikia kwenye RAM, ungekuwa unahesabu majuma.

Namba hizo za mizunguko ni za kupangia muda. Anayekuambia simama ni dirisha la onyesho. Bonyeza `p` lijiburudishe, kisha tazama safu ya mwisho, yenye uso wa kaka unaofanya anachofanya mdogo. Fuatilia jicho moja na mdomo ulio wazi. Kama meno yanazidi kujitenga kila baada ya mizunguko elfu ishirini, endelea. Yakiwa hayajabadilika kwa usiku mzima, nenda awamu inayofuata, au kama ulikuwa ya mwisho, simama. Na kama mdogo ameachama lakini uso wa kaka umefumba, au mdogo amegeuka pembeni na uso unayeyuka, usiongeze muda. Modeli haijawahi kumwona kaka akiwa hivyo, na haitamwona hata ukiiacha mwezi.

Hapo tatizo linatibika kutoka Muscat. Mwombe ajirekodi kwa simu dakika tano hadi kumi kwenye mwanga unaofanana na wa matukio yenu, akisoma mistari yake kwa sauti, akigeuka kushoto na kulia polepole, akitazama juu na chini, akicheka na kuachama. Dakika hizo zitakusaidia kuliko kadi mpya. Na katika ujumbe huohuo, pata ridhaa yake kwa maandishi: matukio gani, filamu gani, na kwamba faili la modeli litafutwa au litabaki kwa nani. Modeli yenye uso wa mtu inaweza kumfanya aseme chochote, na huyo ni mtu aliyekuamini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Filamu ikienda kuuzwa au kurushwa kwenye televisheni, muone mwanasheria ana kwa ana na karatasi hiyo mkononi. Mdogo wake naye apate ridhaa yake, na mwishoni mwa filamu waandikwe wote wawili kwa kazi waliyoifanya.

Kuhusu umeme unaokatika: programu inajihifadhi yenyewe kila baada ya dakika 25, hivyo kukatika kwa kawaida kunakugharimu muda huo tu. Hatari ni umeme kukatika wakati faili linaandikwa, maana hapo modeli inaweza kuharibika yote. Kwenye mipangilio weka *Autobackup* kila saa moja au mbili, na kama kuna UPS ya kuazima kwa siku hizo tano, iazime. Zima usingizi wa kompyuta na uahirishe masasisho ya Windows. Chumba kikiwa na joto unaweza kuipunguzia kadi nguvu, kwa dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi:

```
nvidia-smi -pl 100
```

Utapoteza mwendo kidogo na kadi itapumua.

Huenda umesikia kuhusu kufunza bure kwenye Google Colab. Kwa kazi hii sahau. Vipindi vya bure vina kikomo cha saa, na tangu mwaka 2022 Google imeweka utengenezaji wa video za aina hii kwenye orodha ya vitu visivyoruhusiwa humo, kwa hiyo akaunti yako inaweza kuzuiwa katikati ya kazi.

Na kadi mpya? Kwa matukio mawili yenye nyuso za pikseli 200, sioni haja. Kama mnapanga kufanya kazi hizi mara kwa mara, angalia memori kabla ya jina. RTX 3060 ya GB 12 ina mwendo wa memori wa GB 360 kwa sekunde, karibu sawa na yako, lakini nafasi ni mara mbili, na nafasi ndiyo iliyokukwamisha. Hakikisha ni ile ya 12, maana ipo pia ya 8. Kabla ya kulipa, mpelekee fundi kompyuta yenyewe badala ya kumpigia simu: 3060 inakula hadi wati 170 na NVIDIA inapendekeza pawasapulai ya wati 550, wakati yako ilipendekezewa 450. Afungue boksi, asome lebo ya pawasapulai, aangalie waya wa kulisha kadi na nafasi ya kadi ndefu. Kama ni kadi iliyotumika, aizungushe chini ya mzigo kwa nusu saa mbele yako akiangalia joto. Harufu ya kuungua, skrini yenye michirizi au kompyuta kujizima ghafla wakati wa kufunza, hata kwa kadi uliyonayo sasa, ni sababu ya kusimamisha kila kitu na kumwona siku hiyohiyo.

Ukishaibadilisha, tumia toleo la DeepFaceLab lililoandikwa RTX3000_series, kwa kuwa unalotumia sasa linaishia up_to_RTX2080Ti. Hamisha folda ya `workspace` kama ilivyo, na modeli itaendelea ilipoishia.